Kuloweka nyama na samaki kwa limau, siki au mtindi: muda unaotosha na pa kukomea

Kidari cha kuku kilicholazwa kwenye maji ya limau usiku kucha hujulikana kwa tonge la kwanza. Nje kina unga unga unaoganda kwenye meno, ndani ni kikavu, na ladha ya limau iliyotarajiwa imebaki juu juu tu. Aliyekipika mara nyingi hudhani moto ulizidi, na safari ijayo hupunguza moto huku akiongeza muda wa kuloweka. Kosa linazidi kukua, kwa sababu tatizo lilianzia kwenye bakuli.

Mwongozo huu unahusu muda huo wa bakuli: ni dakika au saa ngapi nyama na samaki wanaweza kukaa kwenye kitu kichachu kabla ulaini wao haujaharibika, kwa nini, na unajuaje kwamba umefika mwisho. Nitakaa zaidi kwenye limau na kuku, maana hapo ndipo watu wengi huharibu, halafu samaki, kisha nyama nyekundu. Wanaotumia ndimu wahesabu sawa na limau.

Asidi inafanya nini hasa

Nyama ni nyuzi za protini zilizoshikilia maji. Asidi ikigusa protini hizo, huzikunjua na kuzikamatanisha upya, jambo lile lile moto unalofanya kwa ute wa yai unapogeuka mweupe. Ndiyo maana samaki aliyemwagiwa limau huanza kupauka kabla hajaona jiko. Amebadilika kwelikweli, ingawa hajaiva kwa maana ya usalama. Hilo nitalirudia mbele.

Mabadiliko haya yana hatua mbili, na kuzielewa kunaokoa nyama nyingi. Kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, nyama mbichi iko karibu 5.5, samaki wako juu kidogo ya 6. Asidi ikishusha kiwango hicho kidogo tu, kufikia karibu 5, protini hubanana kuliko wakati wowote na kusukuma maji nje. Hapo nyama inakuwa kavu na ngumu zaidi ya ilivyokuwa. Asidi ikiendelea kuingia, kiwango kikashuka chini ya hapo, nyuzi huanza kuvimba, kulegea na kuachana, na ndipo ule utepetevu unapotokea. Kwa hiyo kipande kilichokaa sana kwenye limau huwa na matatizo mawili kwa pamoja: ngozi ya nje imelegea, na tabaka lililo chini yake limekamuliwa maji. Mlaji huyapata yote mawili kwa meno yale yale.

Jambo la pili la kujua ni kwamba asidi haiendi mbali. Inapokutana na protini hushikwa hapo hapo, hivyo hata baada ya saa nyingi huwa imeingia milimita chache tu. Harufu ya vitunguu saumu, pilipili manga na majani nayo hubaki karibu na uso. Kinachosafiri vizuri zaidi ndani ya nyama ni chumvi. Kwa hiyo anayesema ameacha nyama kwenye limau tangu jana ili ikolee hadi ndani, ukweli ni kwamba ameipa asidi siku nzima ya kula sehemu ile ile ya juu, na ndani hakujafika kitu cha maana isipokuwa chumvi.

Kutoka hapo ndipo linapotoka pendekezo langu kuu, ambalo hatua zote zinazofuata zinalitegemea: tenganisha muda wa chumvi na viungo na muda wa asidi. Chumvi na viungo vipewe saa nyingi. Asidi iingie mwishoni, kwa muda mfupi unaohesabiwa.

Limau, siki na mtindi havina nguvu sawa

Maji ya limau yana pH ya kati ya 2 na 2.6. Siki ya kawaida ya mezani, ambayo huwa na asidi ya asetiki asilimia 4 hadi 6, iko karibu na hapo au juu kidogo. Mtindi uko kwenye 4 hadi 4.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kila namba moja kwenye kipimo cha pH ni mara kumi. Limau basi ni kali kuliko mtindi kwa takriban mara mia. Mtindi pia ni mzito, haumwagiki kwenye kila upenyo wa nyama, na protini na mafuta ya maziwa yaliyomo hufunika uso wa kipande. Ndiyo sababu mtindi huvumilia saa ambazo limau lingehitaji dakika.

Soma lebo ya siki kabla ya kupima. Zipo siki kali zinazouzwa ili mnunuzi azichanganye na maji mwenyewe. Ukiimwaga ya namna hiyo juu ya nyama kama ilivyo, hakuna muda wowote katika mwongozo huu utakaokufaa. Ichanganye kwanza mpaka ifikie karibu asilimia 5, kisha uendelee.

Mafuta yanadanganya. Watu huongeza mafuta kwenye limau wakiamini yanapunguza ukali. Asidi hukaa kwenye maji, haiingii kwenye mafuta, kwa hiyo maji ya limau yaliyomo kwenye mchanganyiko yana ukali ule ule. Mafuta yanasaidia kubeba harufu za viungo na kupaka uso wa nyama. Kinachopunguza ukali kweli ni maji, au kutumia limau kidogo zaidi.

Na kiasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, yaani mililita 15, kikipakwa kwenye nusu kilo ya kuku, asidi yake inatumika na kuisha haraka kwa sababu protini zinaimeza. Nusu kikombe, karibu mililita 120, ni mara nane ya hapo, na nyama ikizama humo asidi haina mwisho wa karibu. Mapishi mawili yanaweza kusema "limau, saa moja" na kutoa matokeo mawili tofauti kabisa. Muda nitakaoutaja ni wa nyama iliyopakwa ikalowa vizuri, bila kuogelea. Kama inaogelea, kata muda kwa nusu.

Kuku kwa limau, hatua kwa hatua

Tuchukue nusu kilo ya kidari cha kuku bila mfupa, kitakachokatwa vipande vya kuchoma au kukaanga, na mlo uwe saa moja usiku.

Asubuhi, tuseme saa nne, kata kidari vipande vya upana wa sentimita 3 hivi. Visiwe vidogo kuliko hapo. Kipande kidogo kina uso mwingi ukilinganisha na nyama iliyo ndani, na asidi hufanya kazi kwenye uso. Kipande cha sentimita 1 kikiingiliwa milimita 3 kila upande, zaidi ya nusu ya unene wake umekwisha kubadilika. Kipande cha sentimita 3 kikiingiliwa vivyo hivyo, katikati bado kuna nyama nyingi nzima.

Kausha vipande kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Paka kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa juu, ambayo ni takriban gramu 6 kwa nusu kilo. Ongeza vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili manga, bizari, kile unachopenda, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Changanya kwa mkono hadi kila upande upate. Funika, weka kwenye friji. Usitie limau bado.

Chumvi itaanza kwa kutoa maji, utayaona chini ya bakuli baada ya muda mfupi. Usiyamwage. Saa chache baadaye mengi yake yatakuwa yamerudi ndani yakiwa na chumvi. Chumvi hiyo hulegeza protini kwa namna ya kuzifanya zishike maji, kinyume na asidi inavyofanya. Nyama iliyotangulia kupata chumvi huvumilia limau vizuri zaidi na hubaki na maji mengi zaidi motoni. Hii ndiyo sababu ya kuanza asubuhi.

Saa kumi na mbili jioni toa bakuli. Kamua limau moja la wastani, litakupa mililita 40 au zaidi kidogo, na utumie vijiko viwili vya chakula tu. Kabla ya kukamua, kwangua ganda la juu la njano na ulitie pia. Mafuta ya ganda yana harufu ya limau kuliko maji yake, na hayana asidi ya kuharibu nyama. Nawasihi wanaopenda ladha kali ya limau wazidishe hapo, kwenye ganda, waache kuzidisha maji. Changanya, rudisha kwenye friji, na utege kengele ya simu kwa dakika 30.

Zikifika, chukua kipande kimoja ukikate katikati kwa kisu kikali na uangalie mkato kwenye mwanga. Nyama mbichi ya kidari ina rangi ya waridi hafifu na mwanga unapita kidogo. Pembezoni utaona utepe mweupe usiopitisha mwanga. Utepe wenye unene wa milimita 1 ni mzuri. Ukifika milimita 2 hadi 3, muda umekwisha, hata kama saa inasema bado. Bonyeza pia uso kwa kidole gumba: unatakiwa kurudi ulipokuwa. Ukibaki na shimo, au ukiacha ute unaonata kama gundi kwenye kidole, umeshapita. Kwa vipande hivi, utepe huwa mahali pazuri kati ya dakika 30 na saa moja. Mimi huwa nasimamisha kwenye nusu saa, na sijawahi kuona faida ya nusu saa ya pili. Saa mbili ndiyo mpaka wa mwisho kwa kidari chenye limau.

Kusimamisha maana yake ni kuitoa nyama kwenye majimaji. Iinue, ikung'ute, ikaushe kwa karatasi, uipake mafuta kidogo, ndipo iende motoni. Watu huiruka hatua hii na kuipeleka ikiwa inachuruzika. Uso wenye maji hauwezi kubadilika rangi hadi maji yaishe, na asidi nayo huchelewesha ule ukahawia wa kuchoma. Matokeo ni nyama iliyochemka badala ya kuchomeka, ikakaa motoni muda mrefu kuliko inavyostahili. Ukikausha vizuri, moto mkali wa muda mfupi unatosha, na kama una kipimajoto cha nyama, simama kwenye nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Ukitaka limau lisikike mdomoni, kamulia matone machache baada ya kuiva. Matone hayo yataleta ladha kuliko saa sita za kuloweka.

Mapaja ya kuku yana mafuta zaidi na nyuzi zake zimeshikwa kwa tishu ngumu kidogo. Yanavumilia saa mbili za limau, hata nne yakiwa na mfupa na ngozi. Usiyaache usiku kucha.

Kuku kwa mtindi

Hapa unaweza kupumua. Kwa nusu kilo ile ile, tumia mtindi usio na sukari kiasi cha vijiko vinne hadi sita vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, na viungo vyako. Saa nne hutosha kuleta tofauti, usiku mzima ni sawa, na mpaka ni saa 24. Baada ya hapo uso huanza kutepeta, polepole, na nyama huanza kuonja uchachu uliokaa.

Mambo mawili hubadilisha hesabu. La kwanza ni umri wa mtindi. Uliochacha sana una asidi zaidi, na ukiuonja ukakunja uso, hesabu saa 12 kuwa mwisho. La pili ni ile tabia ya kuongeza limau ndani ya mtindi, ambayo iko kwenye mapishi mengi. Maziwa hupunguza ukali wa limau kwa kiasi fulani, lakini mchanganyiko huo si mtindi tena kwa upande wa muda. Kijiko kimoja cha limau kwa kikombe cha mtindi, kata muda kwa nusu. Au, vizuri zaidi, laza kuku kwenye mtindi peke yake na utie limau saa ya mwisho.

Kabla ya kupika, pangusa mtindi uliozidi hadi ibaki tabaka nyembamba. Mtindi mwingi huganda kuwa chembechembe na kutoa maji, na sukari ya maziwa huungua haraka kuliko nyama inavyoiva.

Samaki: hesabu kwa dakika

Nyuzi za samaki ni fupi, zimepangwa kwa tabaka, na kinachoshikilia tabaka hizo ni utando mwembamba usio na nguvu. Ng'ombe alibeba uzito wake maisha yake yote, samaki alibebwa na maji. Ndiyo maana hakuna kitu kigumu cha kulainisha kwenye samaki. Kuloweka kwake ni kwa ajili ya harufu na ladha tu, na hilo linahitaji muda mfupi mno.

Mnofu wa samaki mweupe, wenye unene wa sentimita 2 hivi, upe dakika 10 hadi 20 kwenye limau au siki. Ukifika nusu saa, kingo zitakuwa nyeupe kabisa na tabaka zitaanza kufunguka ukiinua kipande. Ukikipika hapo, kitavunjika kwenye kikaango na kitakuwa kikavu, kwa kuwa umekipika mara mbili: kwanza kwa asidi, halafu kwa moto. Minofu myembamba kuliko hiyo, dakika 10 zinatosha.

Samaki wenye nyama nzito kama jodari na nguru, wakikatwa vipande vinene, wanakaa nusu saa bila shida. Dakika 45 ni mwisho. Kamba waliomenywa, dakika 15 hadi 20. Kamba hutoa dalili mapema kuliko wote: wakianza kujikunja na kugeuka weupe ndani ya bakuli, watoe mara moja. Kamba wenye maganda huchelewa kidogo, na mimi huona hakuna haja ya kuwaloweka kwa asidi kabisa. Samaki mzima mwenye ngozi analindwa na ngozi yake, lakini pale ulipomchanja asidi huingia moja kwa moja kwenye nyama. Nusu saa kwake ni ya kutosha, saa moja ni nyingi.

Dalili za samaki huonekana kwa macho, huhitaji kukata. Majimaji ya bakuli yakianza kuwa meupe kama yaliyomwagiwa maziwa, hiyo ni protini inayotoka kwenye mnofu. Asidi imeshaanza kuubomoa uso. Toa, kausha, pika sasa hivi, hata kama wageni hawajafika.

Kwa mtindi, samaki anaweza kukaa nusu saa hadi saa moja, mbili kwa vipande vizito. Ukitaka kuandaa samaki mapema ya siku, fanya kama kwa kuku: chumvi kidogo na viungo bila kitu kichachu, friji, halafu limau dakika 15 kabla ya moto. Chumvi yenyewe isikae zaidi ya saa moja au mbili kwenye mnofu mwembamba, la sivyo utaanza kupata samaki wa chumvi.

Nimesema samaki anayepauka kwenye limau hajaiva kwa maana ya usalama. Asidi haiui minyoo inayoweza kuwemo kwenye nyama ya samaki, wala haitegemewi kuua vijidudu vyote. Anayekusudia kula samaki wa limau bila moto anahitaji samaki aliyegandishwa kwanza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friji nyingi za nyumbani hazifikii wala hazidumishi ubaridi huo. Mwongozo huu wote unachukulia kwamba utapika.

Nyama nyekundu

Kuna steki na kuna nyama ya kuchemsha, na kila moja ina saa yake.

Kipande laini cha kuchoma haraka, cha ng'ombe au mbuzi, hakihitaji asidi ili kiwe laini. Dakika 30 hadi saa moja ya limau au siki kwa ajili ya ladha zinatosha, saa mbili ndio mwisho. Dalili yake ni rangi: wekundu hugeuka kijivu na kahawia, na uso unakuwa wa kuteleza. Kijivu hafifu juu juu si tatizo. Kikifika milimita kadhaa ndani, steki yako itakuwa na gamba la unga unga lisilokubali kukaangika vizuri.

Nyama ngumu ina kolajeni nyingi, tishu ile nyeupe inayovutika. Wengi huamini siki itaiyeyusha. Kwa kiwango ambacho siki inaingia, milimita chache, haiwezi kulainisha kipande cha unene wa sentimita 5. Kinacholainisha kolajeni ni moto wa taratibu wenye majimaji, saa mbili au tatu. Kama nyama itaishia kwenye sufuria ya namna hiyo, unaweza kuilaza usiku kwenye siki iliyopunguzwa, sehemu moja ya siki kwa sehemu mbili au tatu za maji, na uso uliolegea utapotelea kwenye mchuzi bila mtu kuuona. Kama itaishia kwenye makaa, usifanye hivyo. Ikate vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi, hapo ndipo ulaini unapopatikana.

Mtindi kwa mbuzi au kondoo, usiku mzima hadi saa 24, ni chaguo ninaloliamini kuliko siki yoyote.

Papai bichi, nanasi na tangawizi mbichi ni jambo jingine. Hizo zina vimeng'enya vinavyokatakata protini, na hazifuati saa za limau. Ukizichanganya na asidi, fuata muda mfupi kuliko yote.

Chombo na friji

Tumia bakuli la kioo, plastiki ya chakula, chuma kisichoshika kutu, au mfuko wa plastiki unaofungwa. Aluminiamu na shaba huliwa na asidi, nyama ikapata ladha ya chuma na wakati mwingine rangi mbaya. Mfuko una faida moja kubwa: ukitoa hewa, kijiko kimoja au viwili vya limau vinagusa kila kipande, kwa hiyo hulazimiki kumwaga nusu kikombe ili kufunika nyama.

Kuloweka kunafanyika kwenye friji, nyuzi 4 au chini yake. Nje ya friji asidi hufanya kazi haraka zaidi, na vijidudu pia. Majimaji yaliyobaki baada ya kutoa nyama ni mabichi kama nyama yenyewe. Ukitaka kuyatumia kama mchuzi, yachemshe hadi yatokote vizuri, ama tenga kiasi kabla hujatia nyama.

Kugandisha hakusimamishi saa mara moja. Nyama yenye limau ikiingia kwenye barafu, asidi huendelea hadi igande, kisha huanza tena inapoyeyuka, ambako kunaweza kuchukua usiku mzima. Gandisha ikiwa na chumvi, mafuta na viungo, utie limau ikishayeyuka. Yenye mtindi unaweza kuigandisha, ila iyeyushe ndani ya friji na uipike siku hiyo hiyo.

Ukiwa umechelewa

Uso ulioharibika haurudi. Kuosha kunaondoa asidi iliyobaki juu na kusimamisha uharibifu, basi. Lakini kipande hakijawa cha kutupwa, kama kilikaa kwenye friji na hakina harufu mbaya. Kuku aliyelegea juu mkate vipande vidogo, mkaushe, umtie kwenye mchuzi mzito wenye nazi, krimu au nyanya. Mchuzi utaufunika unga unga ule, na sukari kidogo au nazi itapunguza uchachu. Usimchome. Samaki aliyeanza kufunguka tabaka msage na viazi na majani, umfanye kababu za kukaanga, maana alikuwa anaelekea kuvunjika tu. Nyama ya ng'ombe iliyopata gamba la kijivu, parua gamba hilo kwa kisu kama ni kipande kinene. Chini yake, milimita tatu au nne tu, utakuta nyama nzima, nyekundu, ambayo siki haikuwahi kuifikia.